Alama Nane za Ushahidi

Kukaa kitako sikukujua tangu utoto. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni, na wanafunzi wangu wa Kibaha walishazoea kuniona nikifundisha huku nazunguka madawati hadi chaki inaniishia mkononi. Basi fikiria mtu wa namna hiyo awekwe kwenye kiti cha mbao, mbele ya bwalo lililojaa watoto, aambiwe asitikise hata kichwa kwa sababu yeye ni mwamuzi. Hilo ndilo lililonikuta Kisarawe, Jumamosi moja ya miaka ya sabini, siku ya fainali ya midahalo ya shule za sekondari, na sijalisahau.

Karatasi ya kutolea alama niliitengeneza mimi mwenyewe. Zamani waamuzi walikuwa wanasikiliza, wanateta kidogo, halafu mmoja anasimama na kusema fulani kashinda, na watoto wanarudi makwao hawajui wamekosea wapi. Nikasema hapana. Nikakata stensili, nikazungusha mashine ya kudurufu mpaka wino ukanifika viwikoni. Karatasi ilikuwa na vigezo vitatu: hoja alama arobaini, ushahidi thelathini, uwasilishaji thelathini. Mbele ya kila kigezo kulikuwa na kisanduku cha alama na mistari miwili ya maelezo, na alama isiyo na maelezo haikuhesabiwa. Chini niliandika masharti: kila kigezo kipimwe peke yake, kosa moja lisiadhibiwe mara mbili, na maelezo yataje jambo lililosikika katika hotuba.

Tukaongeza na ada moja. Kwenye fainali, kiongozi wa waamuzi angesimama mbele ya watu wote na kumsomea kila mzungumzaji karatasi yake, alama na maelezo, na mzungumzaji angeruhusiwa kuuliza swali moja tu juu ya kilichoandikwa. Walimu wengine walinung'unika kwamba tunawapa watoto vichwa. Niliwajibu kwamba asiyetaka kuulizwa asiandike.

Karatasi hizo zilikuwa na safari ndefu kuliko nilivyokusudia. Nakala ya kila moja ilitiwa kwenye jalada la mwanafunzi, na siku zile jalada lilikuwa mambo makubwa. Kuingia kidato cha tano hakukutegemea mtihani peke yake. Tabia iliangaliwa, moyo wa kazi uliangaliwa, msimamo uliangaliwa. Mtoto angeweza kufaulu vizuri kabisa, halafu sentensi moja ya mtu mzima ikamrudisha nyumbani akalime mihogo bila kuambiwa sababu.

Tulikuwa waamuzi watatu. Mimi nilitoka Kibaha, na shule yangu ilikuwa imeshatolewa kwenye nusu fainali, kwa hiyo sikuwa na mtoto wa kumpendelea. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule nyingine ya Kisarawe isiyofika fainali, mzee mkimya, mwenye kazi ya kujumlisha. Kiongozi wetu alikuwa ofisa wa elimu aliyekuwa na cheo pia katika tawi la Chama. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia kwa bashasha, akatuulizia habari za nyumbani, akahakikisha nimepata chai maana nilitoka Kibaha alfajiri kwa basi hadi Dar na kuunga lori la kupanda Pugu.

Mada ya siku ile ilisema: kazi za shamba zinapunguza elimu ya mwanafunzi. Siku hizo shamba la shule ndilo lilikuwa siasa yenyewe ya Kujitegemea, na mada hiyo ilipita vipi kwenye kamati sijui mpaka leo, nadhani kila mmoja alidhani mwenzake ameisoma. Upande wa kutetea na wa kupinga ulipatikana kwa kura, vikaratasi viwili ndani ya kofia, asubuhi ileile. Msichana wa kidato cha nne wa shule iliyotukaribisha akaokota kutetea. Mvulana wa shule nyingine akaokota kupinga, na nilimwona akicheka, maana alijua ameangukia kwenye ulaini.

Msichana alianza. Alikuwa mwembamba, sare imepauka kwa kufuliwa, karatasi ameishika kwa mikono yote miwili. Alisema kwao ni kijiji cha Janga, mama yake ni mkulima, na yeye ameshika jembe kabla ya kalamu, kwa hiyo asitokee mtu kusema amekuja kulikimbia. Halafu akatoa hoja yake, na nikajikuta nimeacha kutikisa mguu. Hakusema shamba ni baya. Alisema kazi ya shamba inapunguza elimu pale inapowekwa saa ya vipindi. Ikiwekwa jioni inaongeza elimu, ikiwekwa asubuhi inaipunguza, na shuleni kwake imewekwa asubuhi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye mdahalo. Alisema, "Ushahidi wangu sikuuleta kutoka mbali. Uko ukutani, nyuma ya waheshimiwa waamuzi."

Bwalo zima likageuka. Na mimi niligeuka, amri ya kutotikisa kichwa nikaisahau. Ukutani, karibu na dirisha la jikoni, palikuwa na ratiba mbili zimebandikwa pamoja: ratiba ya vipindi na ratiba ya zamu za shamba. Msichana akazisoma kwa kichwa. Jumatatu kidato cha nne wana fizikia, na saa ileile wako mikoroshoni. Jumatano wana hesabu, na saa ileile wanapalilia mihogo. Akasema anayetaka kuhakikisha anyanyuke akasome. Ofisa peke yake ndiye ambaye hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, kalamu mkononi, shingo imekauka.

Mvulana akapanda. Jamani, yule mtoto alikuwa na sauti! Alitembea, alinyoosha kidole, alinyamaza pale pa kunyamaza, watoto wakapiga makofi mpaka sahani zikalia jikoni. Alisema wataalamu wengi duniani wamethibitisha kwamba jembe linanoa akili. Wataalamu gani, hakusema. Alisema uchunguzi umeonyesha. Uchunguzi wa nani na wapi, hakusema. Ile ratiba hakuigusa kabisa. Alimwita mwenzake mvivu mwenye maneno matamu, na watu wakacheka.

Nikaandika. Kwa mvulana, uwasilishaji nilimpa karibu zote: sauti imefika nyuma, ametumia macho na kimya vizuri, amemaliza na kengele ya muda. Ushahidi nilimpa kidogo: amesema wataalamu na uchunguzi, hakutaja hata mmoja anayeweza kuhakikishwa. Hoja nilimpunguza kwa kutojibu suala la saa. Kwa msichana, hoja nilimpa juu: ameweka mpaka wa mada na ameulinda. Ushahidi nilimpa ishirini na sita: ratiba mbili za shule, zipo ukumbini, kila mtu anaweza kuzisoma, hakueleza kama vipindi vilivyopotea hufidiwa baadaye. Uwasilishaji nilimkata sana, na sikuona haya: macho yalikuwa kwenye karatasi karibu muda wote, mwendo wa haraka. Kila kitu mahali pake. Anayesoma kwa kuinamisha macho hajaharibu ushahidi, na mwenye sauti tamu hajauleta.

Tukaingia ofisi ya walimu kulinganisha. Mzee wa hesabu aliweka karatasi mbele yake na kuanza kujumlisha. Alipofika karatasi ya ofisa juu ya msichana akasimamisha kalamu, akanisogezea.

Ushahidi: nane. Maelezo: "Mzungumzaji hana moyo wa kujitegemea."

Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nilimwuliza ofisa, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, ni neno gani katika hotuba lililomwonyesha moyo wa mtoto yule. Akasema lilikuwa wazi katika hotuba nzima. Nikamwambia sharti linataka jambo lililosikika, na kilichosikika ni mtoto wa mkulima akisema saa ya shamba ibadilishwe. Nikamwambia tena kwamba upande ule hakuuchagua, aliuokota kwenye kofia mbele yetu sote, na kama mkono wake ungekwenda kwenye kikaratasi cha pili basi mwenye moyo mbaya angekuwa yule mvulana. Akasema alama ni zake na karatasi ni yake.

"Ndugu, alama ni zako," nikasema. "Lakini hayo maneno si ya hotuba. Hayo unamwandikia mtoto maisha yake. Karatasi hii inakwenda kwenye jalada."

Hapo ndipo alipovua miwani. Alionekana amechoka ghafla. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe jioni unarudi Kibaha. Mimi karatasi hizi nazipeleka juu. Wataona kiongozi wa waamuzi amempa mtoto alama za juu kwa kusema shamba linapunguza elimu. Nitaulizwa mimi. Nikiandika vile, siulizwi."

Kumbe ni woga. Sikutegemea, na sikujua nifanye nini nao. Mtu mkaidi naweza kupambana naye siku nzima, lakini mwoga anayekiri woga ananiachia mikono mitupu. Nilizunguka meza tena. Nilimfikiria mama mmoja wa Janga ambaye simjui, anasubiri binti yake amalize, na mwaka unaofuata anaambiwa mtoto hakuchaguliwa. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, vyote kwa pamoja. Nikamwomba basi alama aziache zilivyo, hata kama zinamkosesha mtoto kombe, afute maneno tu. Akatikisa kichwa. Alisema alama nane bila maneno makali zingeonekana za bahati mbaya, na yeye alitaka ionekane kwamba amejua alichokifanya.

Mzee wa hesabu akamaliza kujumlisha. Mvulana alikuwa ameshinda, kwa pengo dogo kuliko alama ambazo ofisa alizikata kwenye ushahidi. Ofisa akasema basi tutoke, tutangaze mshindi, tufunge, watoto wana njaa. Usomaji wa karatasi tuuache kwa leo.

Nilifungua mdomo, lakini mzee alinitangulia. Alikuwa hajasema neno tangu chai. "Ada ni ada," akasema huku akizikusanya karatasi. "Zisomwe."

Ofisa alinitazama, akamtazama mzee, na nadhani aliona aibu kukataa mbele ya mtu aliyemzidi umri. Tukatoka.

Bwalo lilikuwa na joto la mabati na harufu ya maharage. Nilikaa kwenye kile kiti nikakishika kwa chini ili nisiinuke. Ofisa alimsomea mvulana kwanza, makofi yakawa mengi. Yule mvulana hakuwa na swali, akainama, akakaa. Kisha ofisa akamwita msichana. Akaja, akasimama mbele yake, karatasi hana tena, mikono ameiweka nyuma.

Ofisa akasoma hoja, alama na maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri. Akafika kwenye ushahidi. Alisema, "Nane," halafu akanyamaza. Nilidhani ataruka. Sharti lilikuwa linasema alama na maelezo, na kila mtoto bwaloni alilijua. Akasoma. Alisoma kwa sauti ndogo, lakini bwalo lilikuwa kimya na maneno yalifika mpaka jikoni: mzungumzaji hana moyo wa kujitegemea. Kuna msichana mmoja mstari wa mbele alijiziba mdomo. Mwalimu mkuu wao aliinamisha kichwa, maana yeye ndiye ambaye angeitia ile karatasi kwenye jalada. Ofisa akasoma uwasilishaji haraka haraka, akamaliza, na kwa kuwa ada ilimlazimu, akauliza kama mzungumzaji ana swali.

Nilijiambia msichana atalia, na akilia yamekwisha, watasema hata msimamo hana. Hakulia. Aliinua uso, akamtazama ofisa moja kwa moja.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema. "Swali langu ni hili. Ile ratiba pale ukutani, ningeongeza nini juu yake ili iwe ushahidi?"

Hakukuwa na ujeuri ndani yake hata chembe. Aliuliza kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu hesabu iliyomshinda, anataka kujua kweli, ili safari nyingine apate. Na hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Ujeuri angeujibu. Angemwambia kaa chini, na watu wangeelewa.

Ofisa alisema marahaba, taratibu, ikiwa imechelewa. Kisha akageuka. Mara ya kwanza tangu asubuhi akageuka kabisa, akatazama ukuta. Hakutosheka na kutazama, akaenda. Viatu vyake vilisikika kwenye sakafu ya saruji. Alisimama mbele ya zile ratiba mbili, akaweka kidole kwenye Jumatatu ya kwanza, akakisogeza kwenye Jumatatu ya pili. Akashuka hadi Jumatano. Alikaa pale muda ambao mimi niliuona kama mwaka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini bwalo zima lilikuwa linamtazama akitazama.

Alirudi mezani. Alitoa kalamu, akainama kwenye karatasi ya msichana, akayakata yale maneno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni kama inavyotakiwa. Akaandika upya, polepole, mistari yote miwili ikajaa. Kisha akasimama akasoma.

"Ushahidi. Alama nane. Maelezo: Ratiba mbili za shule zimetajwa kwa usahihi. Nimezikagua mwenyewe na zinathibitisha alichosema. Hakuna cha kuongeza."

Watoto hawakujua wapige makofi au wasipige. Kundi moja la nyuma likaanza kunong'ona kwamba ile nane na yale maneno hayaelewani. Hayakuelewana kweli. Mimi niliyekata stensili, niliyewafokea walimu wa wilaya mbili kwamba alama na maelezo lazima viseme jambo moja, nilikuwa natazama karatasi ambayo mkono mmoja umeandika hapana na mkono uleule umeandika ndiyo. Nilielewa alichofanya. Namba ndiyo ambayo wakubwa wangeitazama haraka, na aliiacha iwalinde wote wawili, yeye na kiti chake. Maneno aliyaandika kwa ajili ya mtoto. Ulikuwa nusu ya uungwana, na nusu hiyo ilinichoma kuliko angekuwa mkatili mtupu.

Karatasi ilihitaji sahihi tatu. Mzee wa hesabu alitia yake. Ilipofika kwangu niliishika muda mrefu. Nikikataa, karatasi inabatilika, mdahalo unarudiwa, labda mtoto anapata kombe, na labda zile karatasi zote zinapelekwa mjini kwa maelezo, na nani ajuaye zitarudi na maneno gani. Nikitia sahihi, nimekubali uongo wa namba. Mguu wangu ulikuwa unagonga chini ya meza mpaka mzee akaniwekea mkono juu ya goti. Nikatia sahihi.

Mvulana alipewa kombe. Hata yeye alilipokea bila ile furaha yake ya mwanzo, akawa analigeuzageuza.

Jioni nikisubiri lori la kushukia Dar, msichana alinifuata na nakala yake mkononi. Aliniamkia, nikaitikia, tukasimama. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba yetu sote, akaniwahi. Yeye aliifungua karatasi, akanionyesha pale.

"Mwalimu," akasema, "nishike kipi hapa, namba au maneno?"

Nikamwambia ashike maneno. Nikamwambia mwalimu mkuu wake atakayeandika ripoti atasoma maneno, na watakaochagua watasoma ripoti. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja vizuri. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba ameelewa, lakini yeye alikuja kushinda.

Mwaka uliofuata alikwenda kidato cha tano. Niliambiwa na mzee wa hesabu tulipokutana kwenye semina, nikapiga makofi peke yangu katikati ya watu mpaka wakageuka. Lakini usiku nilipolala kilichonijia hakikuwa kidato cha tano. Kilikuwa ni ile sauti yake pale barabarani, kwamba alikuja kushinda. Na alikuwa ameshinda. Sisi watatu tulijua, na tulitia sahihi kwamba ameshindwa.